Kutafsiri Maandishi ya Mkono Kutoka Kwenye Picha Wakati Baadhi ya Maneno Yamefutika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu zaidi hati za mauziano zinazoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Hizo ndizo zinazoletwa kwa wingi kwa wafasiri wa Dar es Salaam zikiwa zimelowa masika, zimekunjwa mara nne, kisha zikapigwa picha na kutumwa kwa simu. Barua, risiti na maandishi mengine ya mkono hufuata utaratibu huohuo.

Nimetumiwa picha kwa WhatsApp. Nianze kutafsiri?

Bado. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na kinachopotea kwanza ni mistari myembamba ya kalamu, ambayo ndiyo unayoihitaji palipo na doa. Mwambie mteja aitume upya kama faili: abonyeze alama ya kuambatisha, achague `Document` badala ya `Gallery`, kisha aitafute picha hiyohiyo. Hapo itafika kama ilivyopigwa.

Muulize pia kama karatasi yenyewe bado ipo. Wengi hutuma picha ya zamani iliyokaa kwenye simu ilhali hati iko kabatini Mbagala. Karatasi ikiwepo, nusu ya matatizo yako yanaweza kuisha kabla hujagusa kamusi.

Mteja aipige vipi picha ili maneno yaliyofutika yaonekane?

Anahitaji picha za aina tatu. Ya kwanza ni ya ukurasa mzima, karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Hiyo ni ya kuonyesha mpangilio wa mistari.

Ya pili ni ya doa lenyewe kwa karibu, chumba kikiwa na giza kidogo na tochi ya simu nyingine imelazwa mezani ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Kalamu ya bik huandika kwa kukandamiza, hivyo huacha mifereji kwenye karatasi hata wino ukiondoka, na mwanga wa ubavu huipa mifereji hiyo kivuli. Apige picha nne, tochi ikihama upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu mstari ulalao sambamba na mwanga hauonekani. Kalamu za jeli hazikandamizi sana na wino wake ni wa maji, kwa hiyo kwenye hati iliyolowa ndizo zinazosumbua zaidi.

Ya tatu ni ya upande wa nyuma. Mifereji ya bik hutokeza nyuma kama vituta. Geuza picha hiyo kushoto-kulia kwenye simu nawe utaisoma. Kama hati ilikunjwa ikiwa mbichi, angalia pia nusu iliyogusana na doa, maana wino huacha chapa yake upande wa pili, nayo husomeka ukiigeuza vivyo hivyo.

Hati iliyokwisha kupigwa lamineshani hurudisha mwanga machoni. Iinamishe kidogo mpaka mng'ao uhame kutoka kwenye maandishi. Asithubutu kuichana lamineshani hiyo.

Programu ya kuskani inaifanya karatasi iwe nyeupe kabisa na maandishi meusi. Si bora zaidi?

Kwa hati safi, sawa. Kwa hati yenye doa, hapana. Mtindo wa nyeusi-na-nyeupe huamua kwa kila nukta: ni wino au ni karatasi. Mkia hafifu wa herufi huhesabiwa kuwa karatasi na kufutwa. Doa zito huhesabiwa kuwa wino na kugeuka bonge jeusi. Unabaki na picha inayopendeza lakini ushahidi haumo. Fanya kazi na picha ya rangi, uongeze utofauti wa mwanga kidogo kidogo wewe mwenyewe, na uiache picha ya awali bila kuguswa.

Muhuri umekaa juu ya maandishi. Nifanyeje?

Itazame picha kwa rangi moja. Picha ya kidijitali huundwa na tabaka tatu, nyekundu, kijani na bluu. Ukifungua tabaka nyekundu peke yake, wino mwekundu wa muhuri hufifia mpaka ukaribie weupe wa karatasi, wakati wino wa bluu wa kalamu hubaki mweusi. Muhuri wa zambarau hufifia pia, japo si kabisa. Kwenye kompyuta yenye ImageMagick, amri ni hii:

```
magick hati.jpg -channel R -separate hati-nyekundu.png
```

Muhuri wa bluu juu ya kalamu ya bluu haufifii kwa njia hii. Hapo rudi kwenye tochi ya ubavu: muhuri wa mpira hauachi mfereji, kalamu huacha.

Kwa nini nisitafsiri moja kwa moja ninavyosoma?

Kwa sababu utakuwa unafanya makisio mawili kwa wakati mmoja, la kusoma na la kutafsiri, na baadaye hutajua lipi lilikosea. Andika kwanza nakala ya usomaji kwa lugha ileile ya hati, mstari kwa mstari, makosa ya tahajia yakiwa vilevile. Palipofutika weka nukta, nukta moja kwa kila herufi unayokadiria. Ili kukadiria, pima kwenye mstari huohuo nafasi inayochukuliwa na neno zima la mwandishi yuleyule. Kama "milioni" yake ina sentimita mbili kwenye skrini, basi sentimita mbili za doa zitabeba herufi saba hivi.

Tafsiri ianze nakala hiyo ikishakamilika.

Nitumie alama gani?

Chache, na zote ndani ya mabano ya mraba, kwa sababu karibu hakuna mtu anayeyatumia akiandika kwa mkono. Mabano ya duara waachie waandishi wa hati. Wao huyatumia sana, hasa kwenye fedha.

`[nyumba?]` ni kisio lenye sababu. `[Mbezi? au Mbozi?]` ni pale ambapo masomo mawili yana nguvu sawa. `[haisomeki, herufi 5 hivi]` ni pale usipokuwa na la kusema. `[limekatwa: shamba]` ni neno lililokatwa kwa mstari lakini linasomeka. `[muhuri wa duara, maandishi hayasomeki]` inajieleza yenyewe. Zieleze alama hizi juu ya tafsiri kwa mistari miwili.

Wanaohariri maandishi ya kale wana utaratibu wao mpana zaidi, uliokubaliwa Leiden mwaka 1931, wenye vitone chini ya kila herufi yenye shaka. Ni mzuri kwa wasomi. Karani wa ubalozi au ofisa wa benki atadhani vitone ni uchafu wa printa.

Mnaweza kuonyesha mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho?

Chukua hati hii tuliyoitunga kwa ajili ya maelezo, majina yakiwa yameachwa. Nakala ya usomaji inaonekana hivi:

```
Nimemuuzia .....a yangu iliyopo Kizuiani kwa
shs 3,.00,000/= (milioni tatu na laki ta..).
Leo ni..pokea milioni mbili, iliyobaki
atanimalizia tarehe 1./9/2011.
```

Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, kuna mstari safi: "Nimepokea 1,500,000/= nimemaliziwa deni lote."

Neno la kwanza lililofutika ni kitu kilichouzwa. Macho yanataka kusoma "kiwanja" kwa sababu hati nyingi ni za viwanja. Sarufi inakataa: kiwanja kingekuwa "changu kilichopo", na shamba lingekuwa "langu lililopo". "Yangu iliyopo" inatuacha na vitu kama nyumba na ardhi, au miti kwa wingi, mathalani michungwa. Ardhi haiishii kwa a. Michungwa inaishia kwa a, lakini ina herufi tisa na doa linabeba tano tu kabla ya ile a. Nyumba ina herufi sita jumla na inaenea sawasawa. Tunaandika `[nyumba?]`, na alama ya kuuliza inabaki, kwa sababu hatujaiona hata herufi moja zaidi ya ya mwisho.

Neno la pili ni bei, na hapa mtu huteleza. Kawaida maneno na tarakimu hulindana: moja ikifutika, nyingine inasema. Hapa doa limezipata zote mbili, na "laki ta.." inaweza kuwa tano au tatu. Bei ni 3,500,000 au 3,300,000. Kwenye tarakimu umebaki mstari wa juu ulionyooka, ambao unaelekea 5, ila wapo wanaoandika 3 yenye kichwa bapa, hivyo angalia 3 ya kwanza kwenye bei hiyohiyo. Ya mwandishi huyu ina kichwa cha mviringo. Kisha piga hesabu: alipokea milioni mbili, na mstari wa chini unasema milioni moja na nusu zimemaliza deni. Jumla 3,500,000. Tunaandika `3,[5?]00,000/=` na `laki [tano?]`, na sababu zote mbili tunaziweka kwenye maelezo ya mwisho.

Neno la tatu ni fupi na ndilo la hatari. "Ni..pokea" ni "nimepokea" au "nitapokea", na tofauti yake ni kama fedha zilishabadilisha mikono au la. "Leo" haisaidii, maana mtu anaweza kusema leo nitapokea. Tazama juu ya doa: t ina mnara na kijiti kinachokatiza, na m haina. Mwandishi huyu anapandisha t zake juu sana, kama "tatu" na "tarehe" zinavyoonyesha, na juu ya doa karatasi ni safi. Chini ya doa kuna vijiguu vitatu vifupi, kama vya m. Tunaandika `[nimepokea?]`. Zingatia kwamba mstari wa mwisho wa hati hauthibitishi neno hili. Unaonyesha kuwa deni liliisha, hauonyeshi milioni mbili za kwanza zilitolewa siku gani. Na kwa kuwa hesabu ya bei iliegemea milioni mbili hizo, maelezo lazima yaseme kwamba kisio la bei linategemea kiasi hicho kiwe kilipokewa chote.

Neno la nne ni tarehe. Hakuna cha kuishikia. Tunaandika `1[?]/9/2011` na kuendelea. Kama pembeni pangeandikwa "Jumatatu", tungefungua kalenda ya Septemba 2011 na kukuta Jumatatu zinazoanzia na 1 ni mbili tu, 12 na 19, na tungeandika zote mbili. Bila siku ya wiki, kumi na ngapi hatusemi.

Alama inakaa wapi kwenye tafsiri, lugha ikiwa na mpangilio tofauti?

Inafuata maana. Kwenye "ni..pokea" doa liko katikati ya neno moja la Kiswahili, lakini kwa Kiingereza wakati wa tendo husemwa kwa maneno ya pekee. Weka tendo zima ndani ya mabano, usijaribu kuweka shaka katikati ya herufi.

Kwa upande mwingine, mabano yasizidi doa. Ukifunga sentensi nzima kwa sababu neno moja lina shaka, msomaji atadhani hata "Kizuiani" ni kisio.

Tena, ushahidi wa ngeli hufa ukitoka kwenye Kiswahili. Msomaji wa Kiingereza hataona kwa nini ulichagua nyumba ukaacha kiwanja, kwa hiyo mwambie kwenye maelezo, kwa sentensi moja, kwamba maneno yanayofuata yanakubaliana na nyumba na hayakubaliani na kiwanja wala shamba.

Tarakimu zina kanuni yake?

Ndiyo, kali zaidi. Neno hushikwa na sentensi yake, tarakimu haishikwi na chochote: 4 na 9 zote zinaingia popote. Usijaze tarakimu mpaka sehemu nyingine ya hati hiyohiyo iithibitishe, na hata hapo acha alama ya kuuliza. Zinazochanganywa sana ni 1 na 7, 4 na 9, 3 na 8, 0 na 6.

Urefu wa namba hukusaidia kujua ngapi zimepotea. Namba ya simu ya mkononi ya hapa nchini ina tarakimu 10 ikianza na 0. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo doa likiangukia hapo unaweza kulinganisha na tarehe ya kuzaliwa ikiwa imeandikwa kwingine kwenye hati. Likiangukia tarakimu za mwisho, andika `[?]`.

Tarehe zinazosomeka ziandike mwezi kwa jina. 4/7/2009 kwa mwandishi wa Temeke ni tarehe nne Julai, lakini Mmarekani ataisoma Aprili.

Maneno na tarakimu zikisomeka vizuri lakini zikipingana, tafsiri zote mbili kama zilivyo. Kusuluhisha ni kazi ya wakili.

Nimpe mtu mwingine asome doa?

Mpe, ila usimwambie unachodhani. Ukimwuliza "hapa si pameandikwa nyumba?" atakuona uko sahihi. Mkatie kipande cha picha chenye doa na neno moja kila upande, umwulize anaona nini. Akisema kitu tofauti na chako na kina mantiki, andika masomo yote mawili.

Mteja anasema mabano yatamharibia, anataka niyaondoe.

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa, na jibu ni hapana, lakini usimwache mikono mitupu. Mabano yanaondoka kwa njia moja tu, neno kusomeka. Aende akapige picha za tochi. Aulize kama upande wa pili wa mauziano ana nakala yake, kwa sababu hati hizi mara nyingi huandikwa nakala mbili au tatu, moja ikibaki serikali ya mtaa. Nakala nyingine ikipatikana, soma neno hapo, na useme limesomwa kwenye nakala ipi.

Mweleze pia hatari iliyo upande wake. Mtu wa upande wa pili akileta karatasi asilia iliyokauka vizuri na ikasomeka 3,300,000, tafsiri yenye `[5?]` itaonekana ya uangalifu. Tafsiri isiyo na alama itaonekana imeghushiwa, na jina lililo chini yake ni lako.

Shahidi aliyekuwepo anakumbuka kilichoandikwa. Nitumie kumbukumbu yake?

Si ndani ya tafsiri. Tafsiri inaeleza kilichopo kwenye karatasi. Anachokumbuka shahidi kiandikwe kama maelezo yake mwenyewe, kwenye hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kisha viambatanishwe pamoja. Akisema "ilikuwa tarehe 15", tafsiri yako inabaki `1[?]`.

Maelezo ya mwisho ya mfasiri yaandikwe vipi?

Kwa ufupi, chini ya tafsiri, kwa lugha ya tafsiri. Kwa mfano wetu yangesomeka hivi:

"Tafsiri hii imefanywa kutokana na picha sita za hati, karatasi asilia haikuonwa. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba yenye alama ya kuuliza ni makisio. (1) Nyumba: kwa upatanisho wa sarufi na urefu wa doa. (2) 5 na tano: kwa umbo la tarakimu, na kwa hesabu ya malipo yaliyotajwa kwenye hati, ikichukuliwa kwamba milioni mbili zilipokewa. (3) Nimepokea: kwa masalia ya herufi, 'nitapokea' haiwezi kuondolewa kabisa. (4) Tarakimu ya pili ya siku haisomeki."

Maneno "karatasi asilia haikuonwa" usiyaache kamwe kama ni kweli.

Hati inakwenda mahakamani. Lazima itafsiriwe Kiingereza?

Uliza kabla ya kulipa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, hivyo huenda hati ya Kiswahili haihitaji tafsiri kabisa. Inachohitaji ni nakala ya usomaji iliyochapwa, yenye alama zilezile. Ubalozi, bima ya nje au benki ya nje ni habari nyingine. Waulize kama wanakubali mfasiri yeyote au wanataka tafsiri iliyopitia chombo kama BAKITA.

Ni wakati gani nikatae kazi?

Doa likiwa limekaa juu ya kile hasa ambacho hati ipo kukisema, na hakuna karatasi wala nakala nyingine. Mkataba wa mkopo usio na kiasi, au wosia ambao majina ya warithi ndiyo yamefutika, ukitafsiriwa unakuwa ukurasa wa mabano. Mpe mteja nakala ya usomaji ya sehemu zinazosomeka, umtoze hiyo tu, na umwelekeze atafute karatasi.